Kese Iko na Ngapi Mwezi wa Tisa? Hesabu Ambazo Banki Inasoma Kabla ya Kutoa Mkopo

Plani ya biashara ambayo tunapeleka kwenye banki iko na kurasa nyingi. Kuna historia ya kooperative, kuna hesabu ya wamemba, wanawake wangapi na wanaume wangapi, kuna picha za mashamba na za mkutano mkuu. Hizo zote ziko na kazi yake. Lakini ajenti wa kreditu akipokea dosiye, mara mingi anaanza kwa nyuma, kwenye kurasa za makisio ya feza, ni kusema zile hesabu za miezi ambayo haijafika. Kama hizo hazisimami, picha hazitamsaidia mtu. Katika somo hili tunabaki kwenye hizo kurasa tu.

Tutatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho: kooperative ya kahawa arabika kandokando ya ziwa Kivu, yenye kituo kimoja cha kuoshea kahawa, ambayo inataka mkopo wa kampanye kusudi inunue kahawa nyekundu kwa wamemba. Bei na gharama tunazoandika ni za mfano. Mahali pa bei yetu utaweka bei yako. Njia ya kuhesabu ndiyo haibadiliki, hata kama wewe unalima muchele ao unachoma mafuta ya ngazi.

Kuanza na kilo, si na dola

Makosa mengi yanaingia mbele hata neno "dola" halijaandikwa. Kooperative inaandika: tutanunua tani fulani, tutauza tani fulani, lakini hakuna anayeonyesha namna ile ya kwanza inageuka kuwa ya pili. Basi tuifuate kahawa yenyewe.

Kooperative yetu inapanga kununua kilo 162 000 za kahawa nyekundu. Ile kahawa inamenywa, inachacha, inaoshwa, inaanikwa juu ya meza mpaka unyevu unashuka kwenye 11 ao 12 kwa mia. Hapo inakuwa kahawa ya parche. Kwa kupata kilo 1 ya parche inaomba kilo 5 mpaka 6 za nyekundu, na wakati mwingine zaidi kama watu wanaleta mbichi na zile zinazoelea juu ya maji. Sisi tunaandika 6. Tunapata kilo 27 000 za parche. Kisha parche inapelekwa kiwandani kukobolewa. Ganda linatoka, na kunabaki karibu 80 kwa mia: kilo 21 600. Mwisho wake wamama wanachagua kahawa kwa mikono. Ile iliyovunjika na yenye matundu inawekwa pembeni, tuseme kilo 2 400. Inabaki kilo 19 200 za kusafirisha, ni kusema mifuko 320 ya kilo 60, kontena moja imejaa.

Kwa nini tumeandika 6 wakati kitabu kinakubali 5? Sababu ajenti anaweza kuomba daftari la kituo. Mule kila siku kumeandikwa kilo zilizoingia, na kwenye depo kumeandikwa parche iliyotoka. Akigawanya moja kwa nyingine kwa kampanye mbili zilizopita na akute 6,1, plani yenye 5 imeanguka palepale, na kila hesabu inayokuja nyuma ataisoma kwa mashaka. Ile hesabu ya kweli ya kituo chenu ndiyo mnaandika, hata kama haipendezi. Kooperative isiyo na daftari kama hilo ianze kulishika kampanye hii, na iombe mkopo mkubwa mwaka unaokuja.

Ukurasa wa faida

Sasa tunaweza kuweka feza. Muuzaji na mnunuzi wamesikilizana dola 5 kwa kilo ya kahawa iliyo tayari kupakiwa Bukavu. Kilo 19 200 zinaleta dola 96 000. Ile ya chini inauzwa hapa kwetu kwa dola 2, inaleta 4 800. Jumla ya mapato ni dola 100 800.

Kwa upande wa matumizi, kahawa nyekundu kwa dola 0,40 kila kilo inakula 64 800. Wafanyakazi wa kituo, wale wa mashine na wale wa kwenye meza, 6 500. Mifuko, mazutu na vitu vidogo vya kituo, 2 000. Kamyo ya kupeleka parche kiwandani, 1 400. Kukoboa na kuchagua, 2 600. Karatasi za serikali, kodi na ukaguzi wa kutosha kahawa inchini, 3 500. Msimamizi na mwenye kushika hesabu, dola 400 kila mwezi kwa mwaka mzima, 4 800. Ukijumulisha unapata 85 600. Kunabaki 15 200 mbele ya kulipa banki.

Neno moja juu ya vitu ambavyo havipaswi kuonekana kwenye mapato. Mkopo wenyewe si mapato, ni feza ya mwenyewe ambayo itarudi kwake. Hisa za wamemba si mapato vilevile. Na ile mashine ya kumenyea ambayo mradi uliwapa si feza: huwezi kununua kahawa nayo. Tumeona dosiye ambamo hivi vitatu vyote vimejumulishwa pamoja na mauzo, na faida ikaonekana kubwa kuliko ya kiwanda cha mjini. Tena, mwenye kushika hesabu atataka kuandika kwenye ukurasa huu sehemu ya kuzeeka kwa mashine. Ana haki, na banki itapenda. Lakini kuzeeka hakutoshi feza kwenye kese, kwa hiyo kwenye ukurasa unaofuata hakutakuwamo.

Kooperative nyingi zinasimama hapa. Prezida anaona 15 200 chini ya ukurasa, anafurahi, anaandika barua: "Tunaomba dola 60 000, tutarudisha mwezi wa nane kisha kampanye." Kwa nini 60 000? Sababu kahawa nyekundu inaomba karibu 65 000 na kooperative iko na 12 000 zake kwenye konti, basi 60 000 inaonekana kutosha na kupita. Kwa nini mwezi wa nane? Sababu mavuno yanaisha mwezi wa sita, na miezi miwili inaonekana mingi. Hakuna anayedanganya. Lakini kiasi hakitoshi, na tarehe nayo ni mbaya, na ukurasa wa faida hauwezi kuonyesha hata moja ya hayo, sababu hauna miezi ndani yake.

Ukurasa wa kese, mwezi kwa mwezi

Chukua karatasi, andika miezi kutoka wa tatu mpaka wa kumi. Kwa kila mwezi uliza maswali mawili tu: feza gani inaingia mkononi mwezi huu, na feza gani inatoka mkononi mwezi huu. Usiandike mauzo siku ya kutia sahihi kwenye kontra, wala siku kamyo inaondoka. Andika siku feza inaonekana kwenye konti.

Kahawa haiivi yote mara moja. Mwezi wa tatu kituo kinapokea kilo 27 000, wa nne 54 000, wa tano 54 000, wa sita 27 000. Mkulima anataka feza yake siku ileile. Wafanyakazi nao wanalipwa kila mwezi, na wa kwenye meza wanabaki mpaka kahawa ya mwisho ikauke. Mwezi wa saba parche inapelekwa kiwandani. Mwezi wa nane inakobolewa, na ile ya chini inauzwa. Kisha kunakuja kungojea: mnunuzi anataka kuonja sampuli mbele ya kukubali mzigo, sampuli inasafiri kwa ndege, jibu linarudi. Mwezi wa tisa karatasi za kutosha mzigo zinalipwa, kontena inafungwa. Feza inafika mwezi wa kumi.

Hii ndiyo picha bila mkopo wowote na bila zile 12 000 za kooperative:

| Mwezi | Inaingia | Inatoka | Pengo linafika |
|---|---|---|---|
| 3 | 0 | 14 300 | 14 300 |
| 4 | 0 | 23 900 | 38 200 |
| 5 | 0 | 23 900 | 62 100 |
| 6 | 0 | 12 800 | 74 900 |
| 7 | 0 | 1 800 | 76 700 |
| 8 | 4 800 | 3 000 | 74 900 |
| 9 | 0 | 3 900 | 78 800 |
| 10 | 96 000 | 400 | pengo limeisha |

Angalia safu ya mwisho. Pengo halifiki chini kabisa mwezi wa tano, wakati watu wamepanga mustari mbele ya mizani. Linafika chini mwezi wa tisa, wakati kituo kimefungwa na kila mtu anafikiri kazi imekwisha. Ni dola 78 800. Ukitosha 12 000 za kooperative, kunabaki 66 800 ambazo lazima zitoke mahali, na hatujaweka riba bado. Basi ule mkopo wa 60 000 ungeisha katika mwezi wa sita. Kahawa za mwisho zingebaki mikononi mwa wamemba, na mnunuzi angepata mifuko pungufu. Na mwezi wa nane, tarehe ambayo prezida aliandika, kooperative ingekuwa na parche nzuri kwenye kiwanda na kese tupu. Banki ingeandika kwamba kooperative haikulipa, ijapokuwa faida iko palepale ndani ya mifuko.

Hapo ndipo kiasi cha mkopo kinatoka. Hakitoki kwenye bei ya kahawa yote, wala kwenye kile ambacho jirani alipewa. Kinatoka kwenye mwezi ule ambao pengo ni refu zaidi, ukiongeza riba ya kufika pale. Ajenti wa kreditu anautafuta mwezi huo kwa kidole. Kama umeuonyesha wewe mwenyewe, mazungumuzo yanakuwa mengine.

Kuweka mkopo ndani

Tuseme banki inaomba riba ya 1,5 kwa mia kila mwezi juu ya feza iliyochukuliwa, inalipwa kila mwisho wa mwezi, na tena 1 kwa mia ya kufungua dosiye. Kooperative inaomba dola 75 000, lakini si mara moja. Inaomba mafungu matatu: 15 000 mwanzo wa mwezi wa tatu, 30 000 mwanzo wa mwezi wa nne, na 30 000 mwanzo wa mwezi wa tano. Riba ya mwezi wa tatu ni 225 tu, ya mwezi wa nne 675, kisha 1 125 kila mwezi mpaka wa kumi. Jumla ni 7 650. Kama wangechukua 75 000 yote mwezi wa tatu wangelipa riba ya 9 000. Tofauti ni dola 1 350 kwa ajili ya feza ambayo ingelala tu kwenye kese, na feza inayolala kwenye kese kijijini iko na hatari zake ambazo hatuhitaji kueleza.

Sasa kese inasomeka hivi. Kwa mwisho wa mwezi wa tatu, ukianza na 12 000, ukiongeza fungu la kwanza, ukitosha matumizi, 750 za dosiye na riba, kunabaki 11 725. Mwisho wa mwezi wa nne 17 150. Wa tano 22 125. Wa sita 8 200. Wa saba 5 275. Wa nane 5 950. Na mwezi wa tisa: dola 925. Mwezi wa kumi 96 000 zinaingia, mkopo wote unarudishwa na riba yake ya mwisho, na kese inabaki na 20 400.

Zile 20 400 si faida. Ndani yake kuna 12 000 za mwanzo, na mishahara ya miezi mingine inangojea. Ukirudi kwenye ukurasa wa faida, 15 200 ukitosha riba na dosiye, jumla 8 400, unapata 6 800. Kurasa mbili zinapaswa kusikilizana hivyo: kese iliongezeka kwa 8 400, ukitosha mishahara ya miezi minne iliyo inje ya jedwali, 1 600, unafika 6 800 ileile. Banki inafanya ukaguzi huu mdogo mbele ya kitu kingine chochote. Ufanye wewe kwanza. Kama kurasa mbili hazikutani, kuna kitu kimeandikwa mara mbili ao kimesahauliwa.

Na ile 925?

Mtu anaweza kusema kese haikufika sifuri, basi plani inatembea. Sisi hatungetia sahihi hapo. Sukuma malipo ya mnunuzi mwezi mmoja tu, yafike wa kumi na moja. Barabara imekatika, sampuli ya kwanza haikupendeza, karatasi moja imekosa muhuri, hayo yote ni mambo ya kawaida kwetu. Mwezi wa kumi kooperative bado inalipa 400 za mishahara na 1 125 za riba. Kese iko na 925. Inakosa 600, na tarehe ya kurudisha mkopo imefika. Kontena ya dola 96 000 iko njiani na kooperative imeshindwa kumaliza hata mishahara na riba.

Kuna njia mbili za kutengeneza hili, na zinaenda pamoja. Ya kwanza ni tarehe. Hata kama mnangojea feza mwezi wa kumi, ombeni mkopo uishe tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili, na muandike kwenye ombi kwamba kooperative iko na haki ya kulipa mbele ya tarehe bila malipizi, na riba isimame siku ile. Ukilipa mwezi wa kumi hukupoteza kitu. Ukichelewa, kila mwezi unakula 1 125, ni feza nyingi lakini inahesabika, wakati jina baya kwenye banki halihesabiki.

Ya pili ni nafasi ndani ya kese. Kooperative inaweza kuongeza mkopo, lakini riba inaongezeka nayo, na mara mingi banki haitaki. Njia ambayo kooperative nyingi za kahawa zinatumia ni kugawa bei ya mkulima: analipwa dola 0,35 kwenye mizani, na 0,05 wakati kahawa imelipwa. Kwa kilo 162 000, zile senti tano ni dola 8 100 ambazo zinabaki kwenye kese mpaka mauzo. Mwezi wa tisa unapanda kutoka 925 hadi 9 025. Malipo yakichelewa mpaka mwezi wa kumi na moja, kese bado iko na 7 500 mwisho wa mwezi wa kumi. Yakichelewa tena mwezi mmoja, 5 975. Plani inaweza kupumua.

Lakini hapa hesabu inakutana na watu. Mkulima aliye na mtoto wa kulipia masomo atalinganisha 0,35 ya leo na 0,40 ya mfanyabiashara aliyesimama barabarani na feza mkononi, na anajua pia kwamba kahawa inaweza kuvuka ziwa usiku. Kama kahawa ikienda kule, kituo hakipati kilo 162 000, na hesabu yote inabomoka kuanzia mstari wa kwanza. Kwa hiyo hii haiamuliwi na komite peke yake katika ofisi. Inaamuliwa katika mkutano mkuu mbele ya kampanye, procè verbali inaandikwa, na nakala yake inawekwa kwenye dosiye ya banki. Na kwenye makisio zile 8 100 zinaandikwa kama deni la kooperative kwa wamemba, na mwezi wake wa kulipwa. Tukiona zimeandikwa chini ya faida tunajua wamemba hawatazipata.

Mambo mawili ya kujaribu mbele banki haijayajaribu

Ajenti mzuri atabadilisha hesabu moja na kuangalia kama plani inaanguka. Hawezi kujaribu zote. Kwa kahawa tunamwona anarudi kwenye mbili.

Ya kwanza ni ile 6. Tuseme kampanye hii watu wanaleta kahawa mbichi mingi na kituo kinapata kilo 1 ya parche kwa kila 6,5 za nyekundu. Kilo 162 000 zinatoa 24 923 za parche, si 27 000. Baada ya kukoboa, karibu kilo 1 660 za kahawa nzuri hazipo. Kwa dola 5 hizo ni 8 300, na faida ilikuwa 6 800. Kooperative imeingia hasara ya 1 500. Ona vizuri nani analipa: kese mwezi wa kumi ingali inatosha kwa mkopo, banki inapata feza yake yote. Hasara inakula zile 12 000 za wamemba. Ndiyo maana swali hili linawaangalia ninyi kuliko linavyoangalia banki. Dalili yake haingoji mwezi wa kumi. Inaonekana kwenye pipa la maji pale mapokezi, kahawa ngapi zinaelea, na kwenye daftari kila juma. Mtu wa mizani ambaye anaogopa kumrudishia jirani yake mbichi zake anatumia feza ya wote.

Ya pili ni franga. Mkopo uko katika dola, mnunuzi analipa dola, lakini mkulima anauliza bei katika franga. Tuseme wakati wa kuandika plani dola 1 ni franga 2 800, na komite imetangaza franga 1 120 kwa kilo. Hiyo ndiyo 0,40 yetu. Franga ikipata nguvu na dola ikashuka mpaka 2 400 wakati kampanye inaanza, franga 1 120 ileile inaomba dola 0,467. Hakuna aliyepandisha bei, lakini kahawa nyekundu imegharimu karibu dola 10 800 zaidi. Faida imekwisha na kupita, na kwenye plani yenye mafungu matatu kese inakosa 2 600 mwisho wa mwezi wa sita, wakati kahawa ingali inaingia. Watu wengi wamezoea kuogopa franga inayoanguka. Kwa kooperative yenye deni la dola na bei iliyotangazwa katika franga, ile inayopanda ndiyo inauma.

Hakuna dawa kamili. Kile kinachosaidia ni kutotangaza bei moja ya franga kwa kampanye yote. Mkutano mkuu unakubali kanuni: bei inafuata dola, na komite inaibandika upya katika franga kila siku ya kwanza ya juma mbele ya mizani. Wakati dola inashuka, bei ya franga inashuka nayo, na wamemba watanung'unika kama mfanyabiashara hakushusha yake. Andikeni hatari hiyo kwenye plani kwa maneno mafupi, pamoja na hesabu ya dola ngapi itawagharimu. Banki haikatai plani sababu iko na hatari. Inaogopa ile ambayo mwenyewe hakuiona.

Karatasi nyuma ya kila hesabu

Kinachobaki ni kazi ya subira. Kila hesabu kubwa kwenye kurasa hizi mbili inapaswa kuwa na karatasi nyuma yake. Dola 5 zinashikwa na kontra ya mnunuzi. Kama kontra haisemi bei iliyofungwa lakini inasema bei ya soko la Nyu Yoki na nyongeza fulani, muandike bei ya chini ambayo kooperative ingali inabeba. Kwa mfano wetu ni kama dola 4,65: chini ya hapo zile 6 800 zimeisha. Kumbukeni pia kwamba soko la Nyu Yoki linahesabu kwa ratili, na ratili ni kilo 0,4536, tumeona watu wakiichukua kama kilo. Kilo 162 000 zinashikwa na madaftari ya kampanye mbili. Gharama ya kukoboa inashikwa na fakture ya kiwanda ya mwaka uliopita. Zile 12 000 zinashikwa na karatasi ya konti yenye tarehe ya karibu, na lazima zikutane na jedwali mpaka dola ya mwisho.

Na kama mnunuzi anakubali, kontra iseme kwamba malipo yatapita kwenye konti ya kooperative iliyo katika banki ileile inayotoa mkopo. Ajenti akiona hivyo anajua mwezi wa kumi feza itapita mbele ya macho yake, na mara mingi hapo ndipo anaanza kuzungumuza juu ya mafungu na tarehe ya mwezi wa kumi na mbili.